Usiulize Asilimia, Uliza Gari Linakuja Lini

Walituita ukumbini siku ya Jumamosi, wenye maduka kama thelathini wa Kisesa na vitongoji vyake. Soda mbili kila mtu, fulana yenye nembo, na kijana mmoja nadhifu aliyesimama mbele ya ukuta mweupe akatumulikia picha za akina mama wanaocheka jikoni. Akasema kampuni yake inatafuta mawakala wa gesi ya kupikia kuanzia hapa hadi Nyanguge na Magu. Akasema faida ni karibu asilimia tisa kwa kila mtungi. Akarudia: asilimia tisa! Watu wakaguna kwa kuridhika, maana kwenye sukari hatuzioni hizo.

Mzee mmoja aliyekaa nyuma, mwenye duka la siku nyingi, akanyoosha mkono. Akauliza, "Mwanangu, gari lenu litafika Kisesa siku gani?" Kijana akatabasamu, akasema hilo litaangaliwa kadiri soko litakavyokua. Mzee akasema "Haya," akachukua soda yake ya pili, akaondoka.

Sitaitaja kampuni, kwa sababu mialiko ya namna hii nimeiona zaidi ya mmoja na inafanana kama mapacha. Ila nasema wazi: mzee yule aliuliza swali la pekee lenye maana siku ile, na aliyeshindwa kulijibu hakuwa na haki ya kumwomba mtu hata shilingi ya mtaji.

Tuifanye hesabu ambayo ukutani haikumulikwa. Bei za gesi hupanda na kushuka, kwa hiyo chukua tarakimu hizi kama mfano na uweke za kwako. Tuseme mtungi mtupu wa kilo 6 unauziwa wakala kwa shilingi 25,000. Gesi ya kuujaza anaipata kwa bei ya jumla ya 22,000, naye anamuuzia mteja kwa 24,000. Faida ni 2,000 kwa mtungi, na kweli 2,000 juu ya 22,000 ni karibu asilimia tisa. Kijana hakudanganya. Alichofanya ni kusema ukweli mdogo ili ufunike ule mkubwa.

Ukweli mkubwa ni kwamba huanzi na gesi, unaanza na chuma. Mteja wa gesi haji kununua mtungi kila mara. Anakuja na mtupu, anaondoka na uliojaa. Ili umpe uliojaa ni lazima uwe nao tayari, na ukishampa unabaki na mtupu wake. Mitungi 20 ya kuanzia, kwa mfano wetu, ni 20 mara 47,000, yaani shilingi 940,000. Ongeza mzani na kizimba cha waya cha kuihifadhia nje, umevuka milioni. Katika hiyo 940,000, shilingi 500,000 ni chuma kitupu ambacho hakitatoka dukani kwako mpaka siku unayofunga biashara. Hakiuzwi, hakizai. Kinazunguka tu, leo kimejaa, kesho kitupu.

Sasa gari. Kampuni haileti, kwa hiyo unaifuata gesi mwenyewe Mwanza mjini, chini ya kilomita 20 kwa barabara ya Musoma. Kuna mtu atakayekodi guta la pikipiki kwa ajili ya mitungi mitatu? Hakuna. Unasubiri mitupu ifike 16 ndipo safari ilipe. Tuseme inachukua wiki mbili, na guta kwenda na kurudi ni 12,000. Kwa mwezi umeuza mitungi 32, umepata 64,000, umetoa nauli 24,000, imebaki 40,000. Shilingi elfu arobaini kwa milioni uliyoifungia ndani, bado hujalipa kodi ya fremu wala hujahesabu siku mbili ulizofunga duka au kumwachia mtoto kaunta.

Na angalia kilichotokea safari ilipochelewa baada ya ile wiki ya pili. Mitungi iliyojaa ilibaki minne, halafu miwili, halafu hakuna. Mama aliyekuja Alhamisi saa kumi na moja jioni na mtungi umefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda aliambiwa, "Mayu, njoo Jumamosi." Hatakuja Jumamosi. Amenunua mkaa wa kopo hapo hapo jirani, na mtungi wake ameurudisha nyumbani ukakae chini ya meza. Hasara ya mteja huyo haimo katika asilimia tisa ya mtu yeyote.

Hebu sasa geuza jambo moja tu. Gari la kampuni linasimama mlangoni pako kila Jumanne na Ijumaa, na kwa huduma hiyo kampuni inakupunguzia faida: badala ya 2,000 unapata 1,500. Ukumbini tungezomea. Lakini gari linapita mara nane kwa mwezi. Ukibadilisha mitungi 10 tu kila linapopita, ni mitungi 80, ni shilingi 120,000, bila nauli na bila kufunga duka. Faida ya mtungi imeshuka kwa robo. Faida ya mwezi imekuwa mara tatu, kwa mtaji ule ule.

Najua atakayesema: kona yangu haina wateja 80. Sawa. Tuseme unao wale wale 32. Kwa 1,500 unapata 48,000, bado imezidi 40,000 ya mwanzo. Zaidi ya hapo, wateja 32 kwa magari nane ni mitungi minne kila safari, kwa hiyo huhitaji mitungi 20 dukani. Kumi inakutosha na ziada ya kuhimili siku gari likikwama. Mtaji umeshuka kutoka 940,000 hadi 470,000. Hiyo nusu nyingine imerudi kwenye unga, mchele na mafuta ya kula, vitu ambavyo Kisesa vinatoka kila saa.

Kwa hiyo anayekuita uwe wakala akianza na asilimia, mrudishe kwenye kalenda. Mtaji wa duka huliwa na kungoja. Siku ambayo gari halina ratiba, kampuni imekuhamishia wewe ghala lake, dereva wake na usiku wake wa wasiwasi, na kukulipa 2,000 kwa mtungi.

Wala hili si geni kwetu hata tuhitaji mtaalamu wa kutufundisha. Muulize mwenye duka yeyote wa barabara ya Bujora kuhusu soda. Biashara ya chupa na kreti ni biashara ya gesi kabla ya gesi: chombo kinarudi, kilichomo kinauzwa, mtaji wako umelala kwenye plastiki na kioo. Imedumu miaka yote hiyo kwa sababu gari la soda lina siku yake, na mwenye duka anajua Jumatano asubuhi akiwa na kreti tano tupu na pesa mkononi, atabaki na kreti tano zilizojaa. Mwanza yetu ina viwanda vya soda, Nyanza Bottling mojawapo, na magari yake tumeyazoea barabarani kama tulivyozoea daladala. Gesi imeingia vijijini ikidai heshima ya nishati ya kisasa, lakini imeshindwa kujifunza kwa dereva wa soda.

Na haraka hii ya kutafuta mawakala imetoka wapi? Mei 8, 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaingia mikataba na wasambazaji ili mitungi ya kilo 6 iuzwe vijijini kwa ruzuku ya nusu bei. Kabla na baada ya hapo wanasiasa nao waligawa mingine bure, tukapigwa picha tukiwa tumeikumbatia. Sina ugomvi na ruzuku. Bei ya mtungi wa kwanza kweli ilikuwa ukuta, na ukuta ule umetobolewa.

Lakini ruzuku ililipia mtungi wa kwanza. Wa pili, wa tatu na wa ishirini unapita dukani, na dukani hakuna aliyetoa ruzuku. Tulishusha gharama ya mteja kuingia kwenye gesi, tukaacha gharama ya duka kuingia kwenye gesi ilivyokuwa. Ndiyo maana ukitembea kutoka stendi kwenda ndani ndani utaiona mitungi mipya, rangi yake bado inang'aa, imezuia mlango usifungwe na upepo. Wanaowalaumu akina mama wenye mitungi hiyo kwamba "hawajaelimika" waje na mtungi mtupu Bujashi siku ya Alhamisi jioni, watafute wa kujaziwa, halafu ndio tuongee elimu.

Mzigo wa kuanzia, basi, uwe wa nani? Msimamo wangu ni mkali na siombi radhi: chuma ni cha kampuni, chuma ni gharama ya kampuni. Jina lililochapwa kwenye mtungi ni lake, rangi ni yake, na yeye ndiye anayekataza usijazwe kwingine. Mali ambayo siruhusiwi kuipeleka ninakotaka, kwa nini niinunue kwa bei kamili? Kampuni ikabidhi mitungi kumi kwa amana ndogo, yenye stakabadhi inayosema kwa herufi na tarakimu kwamba siku nikiacha, nikirudisha mitungi kumi mizima, amana yangu yote inarudi ndani ya siku kadhaa zilizotajwa. Gesi iliyomo nitailipa mwenyewe. Kwa mfano wetu hiyo ni 220,000 tu kwa mitungi kumi, na kampuni yenye imani na soko lake ingeweza hata kusema: lipa mzigo wa kwanza gari likija na wa pili.

Kipengele cha kurudisha ndicho hasa cha kukitazama kwa tochi. Mwaliko unaeleza kwa kirefu jinsi ya kuingia. Jinsi ya kutoka utakuta mstari mmoja, au hakuna. Mwenye duka akishindwa biashara anabaki na mitungi ishirini ambayo msambazaji haitaki tena, mwenzake wa jirani anaitaka kwa bei ya chuma chakavu, na benki haiitambui kama dhamana. Kama kampuni haiko tayari kuinunua mitungi yake yenyewe, imekuambia thamani yake.

Hapa kampuni zina hoja yao, na ni ya kweli, kwa hiyo niitoe kama ilivyo. Wanasema mitungi ikikabidhiwa ovyo itapotelea kwa wajazaji haramu, wale wanaohamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo uani kwa mpira na spana. Kenya walipita njia hiyo. Kanuni zao za 2009 zililazimisha kampuni kubadilishana mitungi kwa wote, mteja apeleke mtungi wa rangi yoyote popote. Ujazaji haramu ukashamiri, na mwaka 2019 kanuni mpya zikauondoa ulazima huo. Na usiku wa Februari 1, 2024 kituo cha gesi kisicho na kibali kililipuka Embakasi, Nairobi, kikaua watu na kujeruhi mamia. Mtu anayekumbuka picha za moto ule hawezi kudharau hofu ya kampuni kuhusu mitungi yake.

Nakubali yote hayo. Lakini fuatilia hoja hiyo mpaka mwisho wake uone inaangukia upande gani. Mtungi unapotelea kwa mjazaji haramu wakati gani? Wakati wakala ana mitupu kumi na sita, wateja mlangoni, na gari haliji. Hapo ndipo kijana wa uani anapopita na kusema, "Kaka, nakujazia hapa hapa, elfu kumi na tisa." Ratiba ya gari inalinda mitungi ya kampuni kuliko tishio lolote katika mkataba. Ukimwacha wakala akauke wiki nzima halafu ukamwita mwizi, umechochea moto ukalaumu kuni.

Na sharti la kuuza chapa moja tu? Mjini, penye duka la gesi kila mita mia, sharti hilo halimuumizi mtu. Kisesa ya ndani linaumiza. Mteja mmoja ana mtungi wa ruzuku, mwingine ana wa mwanasiasa, wa tatu alinunua wa kwake Igoma kabla hajahamia huku, na kila mmoja ana rangi yake. Duka moja kwa chapa moja maana yake wawili kati ya watatu wanaambiwa warudi walikotoka. Kampuni inayotaka duka liuze chapa yake peke yake ilipie upekee huo: mitungi kwa amana, gari mara mbili kwa wiki, na ikikosa kuleta mzigo kwa siku saba mfululizo, sharti linakufa lenyewe. Upekee wa bure ni unyang'anyi wenye nembo.

Nije kwenye mafunzo, maana hapa ndipo hasira yangu inapopanda zaidi. Siku ile ukumbini "mafunzo" yalichukua saa tatu. Mbili zilikwisha kwenye historia ya kampuni na namna ya kujaza fomu ya kuagiza. Robo saa ilikuwa ya usalama. Mzani haukuwepo ukumbini. Nakumbuka kwa sababu niliutafuta kwa macho.

Nilikuwa na sababu. Miezi michache nyuma nilinunua gesi kwenye duka moja la njiani, sitasema lipi, na nyumbani ikaisha upesi mno. Nilipobadilisha tena nikaupitisha mtungi mpya kwa rafiki yangu mwenye mashine ya kusaga, tukaupandisha kwenye mzani wake wa mahindi. Kila mtungi una uzito wake mtupu umepigwa chapa kwenye bati la shingoni, herufi TW na tarakimu. Wangu uliandikwa TW 7.4. Ukijumlisha gesi kilo 6, mzani ulipaswa kusema 13.4. Ulisema 12.5. Tukaushusha, tukaupandisha tena: 12.5.

Gramu 900 hazimo. Ni asilimia 15 ya gesi niliyolipia. Kwa bei ya 24,000 ni shilingi 3,600. Yaani kilichopotea kwangu ni kikubwa kuliko faida yote ya mwenye duka. Nilimrudia. Akaapa kwamba yeye aliupokea hivyo hivyo, na ninamwamini, kwa sababu hakuwa na mzani na asingeweza kujua. Huyo ndiye wakala aliyepewa fulana.

EWURA imewataka wauzaji wa gesi mara nyingi wawe na mzani na wapime mbele ya mteja, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kuukagua mzani huo na kuupiga muhuri. Hilo linajulikana. Basi mafunzo ya wakala yaanze na kuishia hapo: siku gari likifika, kila mtungi unapanda mzani kabla pesa haijatoka, TW inasomwa kwa sauti, kilo 6 zinajumlishwa, na uliopungua unarudi garini saa ile ile, dereva anasaini. Wakala asiye na haki ya kuukataa mtungi mlangoni ameuziwa wizi wa mtu mwingine ili auuze kwa jina lake.

Lakiri nayo itazamwe. Ikiwa imelegea, imekatika au haifanani na za mitungi mingine, mtungi huo umeguswa. Halafu valvu: ndani ya mdomo wa mtungi kuna kipete cha mpira, na kikikauka au kupasuka gesi itavuja mteja akishaunganisha jiko lake, hata kama mtungi ulikuwa mzima dukani. Povu la sabuni linapakwa pale kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayokua, panavuja. Njiti ya kiberiti haitumiki kupima uvujaji, na inasikitisha kwamba bado nalazimika kuliandika hili.

Na sehemu ya kuwekea. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai juu kama moshi wa kuni. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa kwenye mashimo na chini ya kaunta, inangoja cheche. Kwa hiyo kizimba kikae nje penye hewa, mitungi ikiwa wima, mbali na mtaro, mbali na jiko la mama ntilie, mbali na yale madumu ya petroli ya kuuzia bodaboda ambayo nusu ya maduka yetu huyaficha nyuma. Nimeona kwa macho yangu duka ambalo mitungi imelazwa ndani chini ya shubaka la mishumaa, na mwenye duka analala chumba cha nyuma na watoto. Alikuwa wakala halali, mwenye bango na namba. Aliyempa namba hakuwahi kuingia chumba kile.

Hayo yote, kupima, lakiri, povu, kizimba, yanafundishika kwa siku moja, kwa mtungi halisi mkononi mwa kila mtu, na askari wa Zimamoto akiwepo. Siku nzima moja. Wametupa robo saa na soda mbili.

Sasa masharti ya kubaki. Nimesoma karatasi tuliyopewa, nikaisoma tena nikidhani nimeruka ukurasa. Wakala ataondolewa akishindwa kufikisha idadi ya mitungi iliyopangwa kwa miezi mitatu mfululizo. Ataondolewa akikutwa na chapa nyingine. Ataondolewa akibadilisha rangi ya bango. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ataondolewa akiuza bila mzani. Hakuna palipoandikwa kwamba atasimamishwa akilaza mitungi ndani ya chumba wanacholala watu. Karatasi inatuambia wazi inaogopa nini.

Idadi ya kila mwezi ndiyo sharti baya kuliko yote, na litazame kwa jicho la Kisesa. Sisi ni watu wa mpunga, mahindi na pamba, au tunaishi na kula kwa walio na vitu hivyo. Pesa inakuja baada ya mavuno na inakauka kabla yake. Mteja aliyejaza kila mwezi wakati wa neema atarudi kwenye kuni miezi ya njaa, na hakuna bango litakalomzuia. Ukimpangia wakala idadi ile ile mwaka mzima, unamlazimisha afanye mojawapo ya mambo mawili: akopeshe gesi kwa watu asiojua watalipa lini, au anunue mzigo usio na mnunuzi ili tu abaki kwenye orodha. Wengi hufanya yote mawili, kisha hufunga.

Mpango wa haki ungegeuza karatasi hiyo juu chini. Mzani wenye muhuri wa mwaka huu: lazima. Kizimba cha nje: lazima, na mkaguzi aje bila taarifa. Daftari la TW kila mzigo ukishuka: lazima. Anayevunja hayo aonywe mara moja na mara ya pili aondoke, hata kama anauza mitungi mia mbili kwa mwezi; huyo hasa ndiye aondoke, kwa sababu hatari yake imeenea nyumba mia mbili. Idadi ya mauzo itumike kupanga tu gari limshushie mingapi. Anayeuza minne kila gari likipita ni wakala kamili, kwani nyuma ya duka lake kuna nyumba thelathini ambazo bila yeye zinarudi kwenye mkaa.

Kampuni watasema gari halisimami kwa mitungi minne. Kweli, halisimami kwa duka moja. Lakini hesabu maduka kutoka Kisesa stendi, uende Nyanguge, ufike Magu. Manane tu yenye kuchukua kumi kila moja ni mitungi 80 kwa safari moja, kwenye barabara kuu ya lami ambayo magari yao yanapita tayari kuelekea Lamadi na Bunda. Hapa lawama inarudi kwetu pia. Tuliketi thelathini ukumbini na kila mmoja akasaini kivyake, akimficha jirani karatasi yake kana kwamba ni hirizi. Maduka manane yakisema kwa pamoja "Jumanne na Ijumaa, au hatusaini", meneja wa mauzo atapiga simu Mwanza siku hiyo hiyo. Duka moja likisema hivyo, ataliruka.

Kwa hiyo, mwenye duka mwenzangu, wakija tena na fulana, soda kunywa. Kisha omba karatasi, na kabla ya kusoma asilimia tafuta mambo manne: siku za gari, stakabadhi ya amana na siku ya kuirudisha, haki ya kukataa mtungi uliopungua mlangoni, na kama miezi ya njaa imetajwa. Likikosekana hata moja, nenda ofisi ya EWURA Kanda ya Ziwa, ipo Mwanza mjini, ukaulize vibali na masharti ya kuuza rejareja wewe mwenyewe kabla hujamkabidhi mtu hela. Nauli ya kwenda huko haifiki faida ya mtungi mmoja.

Na ninyi mliotuita: mzee yule wa nyuma bado anangoja jibu. Duka lake liko pale pale, upande wa kushoto ukitokea stendi, na anafungua saa kumi na mbili asubuhi.